Daftari la mechi 300: mechi ya mashine inaamuliwa saa ngapi?

*"Habari mtaalamu. Nabeti mechi za mashine, huu mwezi wa nane sasa. Nina daftari la matokeo ya mechi 300 za ligi moja. Nimegundua zikija anda 2.5 tatu mfululizo, ya nne huwa ova: katika mara 41 nilizohesabu, ova imetoka mara 27. Lakini nikiweka pesa, nikidabo kila nikikosa, mwisho naliwa zote. Rafiki yangu anasema nifuate ligi ya kweli, eti timu ikifungwa wikiendi na mashine nayo huishusha. Kuna mwingine Telegramu anauza programu ya kutoa matokeo kabla. Je, mashine inauona mkeka wangu? Mara mbili sasa nimegusa pesa ya kodi ya nyumba."*

Ndugu yangu, daftari lako nitalirudia, maana umelifanya kwa uvumilivu na linastahili jibu la haki. Ila kwanza twende nyuma ya skrini. Karibu yote uliyouliza yanategemea jambo moja: mechi hiyo inaamuliwa saa ngapi, na kinachoiamua kinatazama nini.

Nimefanya kazi ya kukagua mifumo ya aina hii. Siku yangu ya kwanza niliwekewa kompyuta mbili mezani. Ya kushoto ilionyesha picha ileile anayoiona mteja: uwanja, wachezaji, saa inayokimbia, kelele za mashabiki. Ya kulia ilionyesha kumbukumbu za mfumo, mstari kwa mstari. Nimezirahisisha kidogo, lakini sura yake ni hii:

```
14:02:00  BETTING_CLOSED  round=58211
14:02:01  RNG_DRAW        8431 5120
14:02:01  RESULT          3-1
14:02:03  VIDEO_START     clip=3-1_H_0417
```

Isome taratibu. Saa nane na dakika mbili dirisha la kubeti linafungwa. Sekunde moja baadaye namba mbili zinachotwa, na ndani ya sekunde hiyohiyo matokeo yanaandikwa: 3-1. Sekunde mbili mbele ndipo video inaanza. Mpira unapowekwa katikati ya uwanja, mechi imeshakwisha.

Kwenye kompyuta ya kushoto dakika ya 85 bado ilikuwa 2-1. Mgeni anashambulia, anapiga, mpira unagonga mwamba. Mwenzangu aliyesimama nyuma yangu akashika kichwa. Huyu ni mtu aliyekuwa ameisoma 3-1 kwenye kompyuta ya kulia kabla filimbi haijapulizwa, na bado mwili wake uliruka. Nimekaa na picha hiyo kichwani miaka yote, kwa sababu inanieleza nguvu ya video kuliko maelezo yoyote. Mwamba ule haukugongwa na mtu. Mfumo ulitafuta kwenye ghala lake video za 3-1 ya mwenyeji, ukachukua mojawapo, ile iliyopewa namba 0417, na ndani yake kulikuwa na mwamba. Mifumo mingine huchora wachezaji papo hapo, mingine huunganisha vipande vya mechi halisi za zamani. Yote inafuata mpangilio uleule: matokeo kwanza, picha baadaye.

Kwa hiyo ukisema "timu yangu ilikosakosa, ingeshinda", hakuna timu iliyokaribia chochote. Mkeka wako ulikufa au ulipona ile 14:02:01.

Sasa zile namba mbili, 8431 na 5120, zinageukaje kuwa 3-1? Kabla ya mechi, mtengenezaji wa mfumo ameipa kila timu uzito wake. Tuseme katika pambano hili mwenyeji amewekewa wastani wa mabao 1.5 na mgeni 1.1. Kutoka kwenye wastani huo mfumo unapiga hesabu ya uwezekano wa kila idadi ya mabao, mara nyingi kwa kanuni inayobeba jina la Poisson, mwanahisabati Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1837. Kisha uwezekano huo unagawiwa viti, kama basi lenye siti 10,000 kuanzia 0 hadi 9999.

Kwa mwenyeji wetu, siti 0 hadi 2230 ni za "hakufunga". Kuanzia 2231 hadi 5577 ni bao moja, 5578 hadi 8087 ni mabao mawili, 8088 hadi 9343 ni matatu, na siti zilizobaki ni manne na kuendelea. Mgeni ana basi lake: siti 0 hadi 3328 hakufunga, 3329 hadi 6989 bao moja, na kadhalika. Namba ya kwanza iliyochotwa ilikuwa 8431, ikakaa kwenye siti za mabao matatu. Ya pili, 5120, ikakaa kwenye bao moja. Basi. Kila mtengenezaji ana mapishi yake, na wengine huchota namba moja tu kutoka kwenye jedwali la matokeo kamili, lakini ukifungua sufuria utakuta kitu cha namna hii.

Angalia kile ambacho hakimo humo. Hamna uchovu wa wachezaji, hamna majeruhi, hamna kocha mpya. Mechi iliyopita haimo pia. Kitoa-namba, yaani programu inayochota namba hizo, hakina daftari. Kinapochota namba ya mechi ya nne hakijui kwamba tatu zilizotangulia zilikuwa anda, yaani za mabao mawili au pungufu, na hakina deni la kulipa kwa upande wa ova, yaani mabao matatu au zaidi. Hata pale unapoonyeshwa msimamo wa ligi, pointi na "fomu" ya mechi tano za mwisho, msimamo huo kwa kawaida ni kumbukumbu ya namba zilizokwisha kuchotwa. Timu inaongoza ama kwa sababu ilipewa uzito mkubwa tangu mwanzo, ama kwa sababu namba zilimwangukia vizuri. Kama ni uzito, umeshahesabiwa kwenye odi. Kama ni bahati ya namba, haibebwi kwenda mechi ijayo.

Hapa ndipo ninapomjibu rafiki yako wa ligi ya kweli, na naomba usome aya hii mara mbili. Katika mpira wa kweli, odi inapangwa na watu na kompyuta wanaokisia jambo ambalo halijatokea. Wanaweza kukosea. Wewe unaweza kujua kwamba kipa ana homa kabla wao hawajajua. Kwenye mechi ya mashine hakuna kukisia. Ile 1.5 na 1.1 iliyotoa siti za basi ndiyo hiyohiyo iliyotoa odi unayoiona. Odi na matokeo vimezaliwa na jedwali moja. Hata siku mtengenezaji akiamua kushusha uzito wa timu kwa sababu timu ya kweli imefungwa, atakuwa amebadilisha na odi zake kwa hatua hiyohiyo. Hakuna mahali habari ya uwanjani inaweza kukupa wewe kitu ambacho odi haina.

Na kwa kawaida haishushwi. Timu nyingi za mashine hubeba majina ya miji au rangi za jezi zinazokukumbusha timu fulani, kwa kuwa jina na nembo halisi ni mali ya mtu na hulipiwa leseni. Zipo ligi za mashine zenye leseni, zenye majina na nembo zote, na ndizo zinazochanganya watu zaidi. Nembo imenunuliwa, lakini mchezaji halisi akivunjika mguu Jumamosi hakuna waya unaotoka uwanjani kwenda kwenye kitoa-namba.

Mtu anaweza kuninyoshea kidole na kuniuliza kuhusu Grand National. Ni mbio kubwa za farasi za Uingereza, na mwaka 2017 zilianza kutengenezewa toleo la kompyuta lililoonyeshwa kwenye televisheni kabla ya mbio zenyewe. Mwaka 2018 kompyuta ilimtoa Tiger Roll kuwa mshindi, na kesho yake Tiger Roll akashinda kweli. Watu walishangilia kana kwamba mashine imetabiri. Mwaka uliofuata kompyuta ikamtoa farasi mwingine, na uwanjani akashinda Tiger Roll tena. Mwaka 2020 mbio za kweli zilifutwa kwa sababu ya korona, toleo la kompyuta likabaki peke yake, akashinda Potters Corner. Onyesho hilo lilitengenezwa makusudi kwa takwimu za farasi halisi waliosajiliwa kukimbia, na bado lilipatia na kukosea kama mtabiri yeyote. Mechi yako ya kila dakika tatu haifanyiwi hata hayo.

Turudi kwenye daftari. Mara 27 kati ya 41 inaonekana kubwa, na sitakudanganya kwamba ni ya kupuuza. Tuchukue mfano wetu wa wastani wa mabao 1.5 na 1.1, jumla 2.6. Kwa wastani huo ova 2.5 inatokea karibu mara 48 katika 100. Kwenye mara 41 tungetarajia kama 20. Wewe umepata 27. Mtu akichukua muundo mmoja tu, akautaja kabla ya kuhesabu, kisha akapata ziada ya namna hiyo kwa bahati tupu, ni jambo la kama mara mbili katika majaribio 100. Ni nadra.

Ila wewe hukuutaja kabla. Ulikaa na matokeo 300 ukatafuta. Ulijaribu nini kabla ya kufika kwenye "anda tatu kisha ova"? Bila shaka uliangalia baada ya anda mbili, baada ya nne, baada ya ova tatu, baada ya sare, mechi ya kwanza ya raundi, ya mwisho, timu ya jezi nyekundu ikiwa nyumbani, saa za usiku. Mtu mwenye daftari na jioni ndefu hupitia miundo 50 au 60 bila kujua. Ukipitia 50, kupata mmoja wenye ziada ya nadra ya mbili-kwa-mia ndicho kitu cha kutarajiwa. Hukudanganywa na mtu hapo. Ulimchagua mshindi baada ya mbio, kisha ukampa sifa ya mkimbiaji.

Kuna namna rahisi ya kuujua ukweli, na haina dau. Fungua ukurasa mpya. Andika juu yake: "Baada ya anda tatu, ya nne itakuwa ova." Usibadilishe neno. Kisha subiri anda tatu zipite, andika utabiri *kabla* mechi ya nne haijaanza, na uhesabu hadi ufike mara nyingine 41. Odi ya ova ikiwa 1.90, unahitaji kupatia mara 22 kati ya hizo 41 ili tu usipoteze. Mimi natarajia utaona kati ya 16 na 23. Utakuwa na jibu lako mwenyewe, kwa mkono wako. Lakini kama unajijua kwamba huwezi kutazama mechi hizo bila kuweka pesa, liache kabisa zoezi hili. Nitaeleza mbele kwa nini nasema hivyo.

Hiyo 1.90 nayo ina lake. Kama ova inatokea mara 48 katika 100, odi isiyo na faida kwa kampuni ingekuwa kama 2.08. Umepewa 1.90. Anda inatokea karibu mara 52, odi ya haki ni kama 1.93, na kwenye skrini utaona kitu kama 1.78. Kila upande umekatwa kidogo. Kwa kila 100 unayoweka kwenye ova, kwa muda mrefu inarudi kama 91.5. Ukikunja mechi tano kwenye mkeka mmoja, makato yanazidishwa mara tano: katika 100 inabaki kama 64. Ndiyo maana mikeka mirefu inachanika kwa "timu moja tu". Kwenye mkeka wa mechi tano zenye nafasi ya nusu kwa nusu, kukosa kwa timu moja kunatokea mara tano zaidi ya kupatia zote. Ni hesabu ya kawaida tu ya mikeka, haihitaji njama.

Na njama je? Mashine inauona mkeka wako? Kwenye mfumo ulioidhinishwa na kukaguliwa, jibu ni hapana, na nina sababu zaidi ya kuwaamini tu. Mechi ileile, raundi ileile, huwa inauzwa kwa wateja wengi kwa wakati mmoja, mara nyingi kupitia kampuni nyingi za kubeti zinazonunua kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Mkeka wako unakaa kwenye mfumo wa kampuni ya kubeti. Namba zinachotwa kwa mtengenezaji. Maabara za ukaguzi kama Gaming Laboratories International na eCOGRA hupima kitoa-namba kwa mamilioni ya namba, na kuangalia kama kuna njia yoyote ya dau kufikia sehemu inayochota. Sheria za kiufundi za Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Uingereza, kwa mfano, zinakataza mchezo unaojirekebisha kulingana na kilicholipwa nyuma. Isitoshe, mwenye makato ya 8.5 katika kila 100, kila dakika tatu, mchana na usiku, haoni sababu ya kuhatarisha leseni yake kwa ajili ya mkeka wako.

Sisemi kwamba kila mfumo duniani ni safi. Jukwaa lisilo na leseni linaweza kuandikiwa programu ya kusoma madau na kuchagua matokeo ya bei nafuu kwake, na mteja hawezi kuliona hilo kwa macho. Unachoweza kuangalia ni kama jukwaa linataja leseni na namba yake, na namba hiyo ukiiuliza kwa mamlaka yenyewe inakubalika. Kama kanuni za mchezo zinataja jina la mtengenezaji na asilimia ya marejesho. Kama kila mechi ina namba ya raundi na matokeo yake yanabaki wazi kwa mtu yeyote kuyaona baadaye. Vikikosekana vyote hivyo, ondoka. Daftari la mechi 300 halitoshi kumkamata mwizi mwangalifu. Kutofautisha ova ya 48 katika 100 na ova iliyochezewa ikawa 45 kunahitaji mechi zaidi ya 1,000, na hata hapo utakuwa na shaka.

Muuza programu wa Telegramu nitampitia haraka. Umeona kwamba namba zinachotwa baada ya dirisha kufungwa. Wakati anakuuzia matokeo, hakuna faili lolote mahali popote lenye matokeo hayo. Kuna kisa cha kweli cha mwaka 1999: wataalamu wa programu waligundua kwamba mchezo mmoja wa karata wa mtandaoni ulikuwa ukichanganya karata kwa kuanzia na saa ya kompyuta, wakaweza kujua karata za kila mchezaji mezani. Waliweza kwa sababu kampuni yenyewe ilikuwa imechapisha kanuni yake ya kuchanganya ili kuonyesha uaminifu, na walipogundua walitangaza hadharani. Udhaifu wa namna hiyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza tunavyotafuta tunapokagua.

Mbinu ya yule muuzaji ni ya zamani zaidi ya kompyuta. Anachukua watu 900. Theluthi anawaambia mwenyeji, theluthi sare, theluthi mgeni. Waliopatiwa ni 300. Anawagawa tena, wanabaki 100. Anawagawa tena, wanabaki kama 33 waliopatiwa mara tatu mfululizo na wanaoapa kwamba jamaa anajua. Hao ndio anaowauzia. Wale wengine hawaongei, wanaona aibu. Kama kuna watu kwenye kundi wanaomshuhudia, huenda hawasemi uongo. Wametoka kwenye lile fungu la mwisho.

Kudabo ndiko kunakokumaliza, kwa hiyo tupige hesabu yake polepole. Unaanza na dau la 100 kwenye ova ya 1.90, ukikosa unaweka 200, kisha 400, hivyohivyo. Ukipatia mara ya kwanza faida ni 90. Ukipatia ya pili, umepata 180 lakini ulishapoteza 100, faida 80. Ya tatu faida 60. Ya nne faida 20. Ya tano umeweka 1,600, ukapata 1,440 juu yake, lakini nyuma umeshaacha 1,500. Umeshinda na umepoteza 60. Wengi wanaodabo hawajawahi kuiona hiyo, kwa sababu kudabo kunakufidia pale tu odi inapokuwa 2.00 au zaidi.

Halafu kuna siku ya kukosa mara saba mfululizo. Kwa mfano wetu hilo linatokea kama mara moja katika kila majaribio 100, na likitokea umeacha 12,700 ukitafuta 90. Mara moja katika 100 inasikika mbali. Lakini jaribio moja la kudabo huchukua mechi mbili kwa wastani, na mechi huanza kila dakika tatu. Majaribio 100 ni kama saa kumi za kukaa. Kwa mtu anayecheza saa mbili kwa siku, siku hiyo huenda iko ndani ya juma hili. Usidhani kuna siku mashine ilikukasirikia. Ulifika tu mahali ambapo njia hiyo huishia.

Mwendo huo wa dakika tatu ndio ninaouogopa kuliko kitu kingine chochote kwenye mchezo huu. Ligi ya kweli inakulazimisha usubiri wikiendi. Ukikosa, una siku kadhaa za kutulia, kulala, kuongea na mtu. Hapa ukikosa, dirisha la mechi ijayo limeshafunguliwa kabla hasira haijashuka, na unaamua kuhusu pesa ukiwa katika hali ambayo usingekubali kuamulia jambo lingine lolote. Ukiweka 100 kila mechi, mechi 20 kwa saa, unapitisha 2,000 kwa saa na kwa wastani unaacha 170. Si kila saa, maana kuna saa utatoka na faida, na hizo ndizo utakazozikumbuka.

Ulisema umegusa pesa ya kodi mara mbili. Uliiweka sentensi hiyo mwisho kabisa, baada ya ova na anda. Mimi ningeiweka juu. Mimi ni mtu wa takwimu, si daktari wa nafsi, na kuna mahali ujuzi wangu unakoma. Kugusa pesa iliyokuwa na kazi nyingine, kuongeza dau ili kurudisha kilichopotea, kujaribu kuacha ukashindwa, kumficha mke au mume au ndugu: haya Shirika la Afya Duniani linayatambua kuwa yanaweza kuwa dalili za maradhi yenye jina lake kwenye orodha yake ya magonjwa, na yana matibabu, hasa ya mazungumzo. Nenda ukaonane ana kwa ana na mshauri wa saikolojia au mhudumu wa afya ya akili katika hospitali unayoweza kuifikia. Kama kuna kikundi cha watu wanaoacha kamari, kaa nao hata mara moja usikie. Na kama kuna siku umewahi kuwaza kwamba bora usingekuwepo, usisubiri miadi. Nenda leo, au mwambie mtu wa karibu akupeleke leo.

Wakati huohuo fanya mambo mawili ambayo hayahitaji mtaalamu. Omba kampuni unayobeti nayo ikufungie akaunti kwa kujizuia mwenyewe, kwa muda mrefu uwezao kuuchagua, na ufanye hivyo kwa kila akaunti uliyo nayo. Majukwaa yenye leseni mara nyingi yana huduma hiyo, ingawa wengine huificha ndani kabisa ya mipangilio. Pili, pesa ya kodi isikae tena kwenye simu unayobetia. Mpe mtu unayemwamini aipokee na kuilipa kwa miezi michache. Najua ni fedheha kidogo kuomba hivyo.

Ukienda kwa mshauri, beba daftari. Umeandika matokeo ya mechi 300, lakini hukuniambia popote kama lina safu ya pesa iliyoingia na iliyotoka. Kabla hujaenda, vuta historia ya miamala yako kwenye akaunti za kubeti, ambayo inaonyesha kila ulichoweka na kila ulichotoa kwa miezi minane, na uijaze safu hiyo. Mshauri atataka kuanzia hapo.